Kitumbua Kwenye K, Vitumbua Kwenye V

Msomaji amefungua simu usiku wa kuamkia Ramadhani, anatafuta vitumbua. Anapata makala moja nzuri, yenye picha na vipimo. Chini ya makala kuna lebo ya bluu imeandikwa "kitumbua". Anaibonyeza akitumaini kuona aina nyingine: vya mchele, vya unga wa ngano, vya nazi nyingi. Ukurasa unafunguka, na ndani yake kuna kichwa kimoja tu, kile kile alichotoka kukisoma. Anarudi nyuma, anafunga tovuti, anakwenda kwingine.

Asichokijua ni kwamba tovuti hiyo ina makala tano zaidi za vitumbua. Zimewekwa chini ya lebo nyingine, "vitumbua", ambayo haikuonekana popote kwenye ukurasa aliokuwepo.

Tovuti nyingi za makala zinaendeshwa kwa WordPress, mfumo ulioanza mwaka 2003. Tangu mwanzo ulikuwa na kategoria, yaani makundi makubwa ambayo yanaweza kuwa na makundi madogo ndani yake. Lebo zilikuja baadaye, kwenye toleo la 2.3 la Septemba 2007, na zenyewe hazina ngazi: zote ziko sawa. Jambo ambalo waandishi wengi hulisahau ni kwamba kila kategoria na kila lebo huzaa ukurasa wake, wenye anwani yake, mara tu inapoundwa. Anayeandika neno "pilau" kwenye kisanduku cha lebo hajaongeza neno tu. Amefungua `/tag/pilau/`, ukurasa ambao msomaji anaweza kuufikia na ambao mashine za kutafutia zitaukagua kama kurasa nyingine.

Ukurasa huo una kazi moja: kumkusanyia msomaji makala zinazokaa pamoja. Ukikusanya makala moja, haujakusanya kitu. Ukikusanya makala zile zile zilizokusanywa na ukurasa wa jirani, umekuwa nakala. Makosa karibu yote ya kupanga tovuti yanatokana na hali hizi mbili.

Kiswahili kina namna yake ya kuyazalisha.

Mwandishi wa Kiingereza akikosea kuweka lebo moja kwa umoja na nyingine kwa wingi, maneno hayo mara nyingi hutofautiana mwishoni tu. Kwenye orodha iliyopangwa kwa alfabeti yatakaa bega kwa bega, na mhariri atayaona siku hiyo hiyo. Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno. Kitumbua kinakaa kwenye K na vitumbua kwenye V. Mchuzi na michuzi vimetenganishwa na mdalasini. Andazi liko juu kabisa, maandazi yako katikati. Orodha ya lebo mia nne inaweza kuwa na jozi thelathini za namna hii, na macho yasione hata moja.

Pendekezo la mfumo nalo halisaidii. Mwandishi akianza kuandika "vitu", WordPress humletea lebo zilizopo zenye herufi hizo. Neno "kitumbua" halina "vitu" ndani yake, kwa hiyo halitajitokeza, na mwandishi ataunda lebo mpya akiamini kuwa ndiyo ya kwanza.

Upatanisho wa kisarufi huongeza idadi. Samaki wa kukaanga, ndizi za kukaanga, viazi vya kukaanga, maini ya kukaanga: mwandishi anayenakili maneno kutoka kwenye kichwa cha makala hujikuta na "wa kukaanga", "za kukaanga", "vya kukaanga" na "ya kukaanga". Lebo nne, anwani nne, kwa kikaango kimoja.

Ili kuona kinachotokea, chukua tovuti ya mapishi ya kubuni yenye makala 180. Imeandikwa kwa miaka minne na waandishi watatu, kila mmoja akiweka lebo anavyojisikia. Ina kategoria 9 na lebo 412. Kwa maneno mengine, kwa kila makala moja kuna zaidi ya kurasa mbili za mkusanyo. Mhariri aliyeamua kusafisha alianza kwa kuitoa orodha nje ya mfumo. Kwa mwenye uwezo wa kuingia kwenye seva, amri moja inatosha:

```
wp term list post_tag --fields=name,slug,count --format=csv > lebo.csv
```

Faili hilo hufunguka kwenye programu ya majedwali likiwa na safu tatu: jina la lebo, kipande chake cha anwani, na idadi ya makala. Asiye na seva anaweza kuona yale yale kwenye ukurasa wa lebo ndani ya mfumo, akibonyeza safu ya idadi ili izipange. Mhariri wetu alikuta lebo 268 zenye makala moja, 79 zenye makala mbili, na 65 tu zenye makala tatu au zaidi. Theluthi mbili za lebo zake zilikuwa zinafungua kurasa kama ile iliyomfukuza msomaji wa vitumbua.

Hatua ya pili ni kuzitafuta jozi zilizojificha. Hapa sarufi iliyoleta tatizo inatoa pia dawa. Kisanduku cha kutafutia kwenye ukurasa wa lebo hulinganisha herufi popote zilipo ndani ya jina, si mwanzoni tu. Basi mhariri hatafuti neno zima, anatafuta shina. Akiandika "tumbua" anapata kitumbua na vitumbua kwa mpigo mmoja. "Chuzi" inaleta mchuzi na michuzi, "andazi" inaleta andazi, maandazi na hata mandazi, "kaanga" inawaleta wale ndugu wanne. Kazi hiyo, kwa orodha ya majina 412, ni ya saa chache.

Kwa "tumbua" alipata lebo nne: kitumbua yenye makala mbili, vitumbua yenye tano, na "vitumbua vya mchele" na "vitumbua vya nazi" zenye moja moja. Alipozifungua aliona makala moja ilikuwa na kitumbua na vitumbua kwa pamoja, na zile mbili za mwisho zilikuwa tayari chini ya vitumbua. Kurasa nne, makala sita. Lililobaki ni jina lipi liishi.

Kamusi haimalizi jambo hili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1981, huorodhesha nomino kwa umoja, na kwa kamusi hilo ni sawa. Lakini jikoni hakuna anayekaanga kitumbua kimoja, na muuzaji wa asubuhi hasemi "kuna andazi". Mhariri alichagua wingi kwa kila kinachohesabika: vitumbua, maandazi, viazi, mihogo. Vile visivyohesabika, kama wali, uji na tui, vilibaki vilivyo. Kwa njia za kupika alichagua kitenzi kikiwa na "ku" mbele, bila kiunganishi: kukaanga, kuoka, kuchemsha. Kanuni hizi aliziandika kwenye karatasi moja kabla hajagusa lebo yoyote, kwa sababu waandishi watatu wasipokuwa na kanuni moja watarudisha vitumbua vyote mwaka unaofuata.

Ugumu zaidi uko kwenye visawe vya mahali. Mzanzibari husema tungule na mbatata pale ambapo mtu wa Bara husema nyanya na viazi. Ugali wa Bara huitwa sima na watu wa pwani ya Kenya. Hapa vitu ni vile vile na majina ndiyo mawili, kwa hiyo lebo ni moja. Lakini mahamri na maandazi? Kwa wapishi wengi wa Mombasa, mahamri hukandwa kwa tui na kutiwa iliki, ilhali maandazi yanaweza kukandwa kwa maji au maziwa tu. Anayetafuta mahamri hataridhika akipewa maandazi. Mhariri hawezi kuamua hili kwa kuyatazama majina, inambidi azitazame makala zenyewe: je, mkusanyiko ni mmoja au ni miwili?

Wakutubi walilikuta swali hili zamani. Mwaka 1876 Mmarekani Charles Ammi Cutter alichapa kanuni za kutengeneza katalogi za maktaba, na mojawapo ni kwamba kitu chenye majina kadhaa kichaguliwe jina moja la kuwekea vitabu vyote. Majina mengine hayatupwi. Yanabaki kwenye katalogi yakiwa na neno la kumwelekeza msomaji kwenye jina lililochaguliwa. Mmombasa aliyetafuta "sima" angekuta "tazama ugali".

Kwenye tovuti, kazi ya "tazama" hufanywa na sehemu mbili. Ya kwanza ni maelezo ya lebo, kisanduku ambacho wengi hukiacha kitupu. Mhariri aliyechagua "viazi" aliandika hapo kwamba huo ni ukurasa wa viazi mviringo, ambavyo Zanzibar huitwa mbatata. Mtu anayetafuta "mbatata" mtandaoni sasa ana ukurasa wa kumfikisha, ingawa hakuna lebo yenye jina hilo. Lakini maonyo mawili: si kila mwonekano wa tovuti huonyesha maelezo hayo, na pasipoonyeshwa kazi yote imepotea. Sehemu ya pili ni anwani ya zamani iliyoelekezwa kwenye mpya, ambayo tutaifikia.

Kabla ya hapo kuna nakala za aina nyingine, ambazo majina yake hayafanani hata kidogo. Lebo "futari" ilikuwa na makala 21 na lebo "Ramadhani" 19. Kwa sikio ni vitu viwili: kimoja ni mlo, kingine ni mwezi. Mhariri alipozilinganisha aliona makala 18 ziko kwenye zote mbili. Ukizijumlisha bila kurudia, ni makala 22, na 18 kati ya hizo ni za pamoja, yaani asilimia 82. Msomaji anayefungua kurasa hizo moja baada ya nyingine ataona orodha moja mara mbili. Lebo "nazi" ilikuwa na 14, "tui" 12, na 11 zilikuwa za pamoja kati ya 15: asilimia 73. Kwa upande mwingine, "ndizi" yenye makala 9 na "kukaanga" yenye 16 zilishiriki makala 4 kati ya 21, chini ya asilimia 20. Hizo zinaishi pamoja bila kugombana, kwa sababu kila moja inamjibu msomaji mwenye swali tofauti.

Mhariri alijiwekea kipimo: jozi inayoshiriki zaidi ya theluthi mbili ya makala zake inaunganishwa. Kipimo hicho si sheria ya mtu yeyote. Hata hivyo lebo ndogo iliyomo yote ndani ya kubwa haihesabiki kuwa nakala. "Sambusa" ilikuwa na makala 4, zote zikiwa ndani ya futari, lakini anayetaka sambusa hataki kupekua makala 22 kuzipata.

Kuna nakala zinazotokana na muundo. Tovuti ilikuwa na kategoria "Futari" pamoja na lebo "futari", na WordPress haikukataza, kwa kuwa moja huishi `/category/futari/` na nyingine `/tag/futari/`. Kurasa mbili, orodha karibu ile ile. Ilikuwa pia na kategoria kubwa "Samaki" yenye kategoria ndogo moja tu ndani yake, "Samaki wa kupaka". Kwa kuwa ukurasa wa kategoria kubwa huonyesha pia makala za zile ndogo, na makala zote zilikuwa kwenye ile ndogo, kurasa hizo zililingana mstari kwa mstari. Kikapu chenye kikapu kimoja ndani hakihitajiki.

Na kulikuwa na lebo "mapishi". Ilikuwa na makala 171 kati ya 180. Mfumo ukionyesha makala kumi kwa ukurasa, kama unavyofanya usipobadilishwa, lebo hiyo ilizaa kurasa 18 zilizorudia ukurasa wa mbele wa tovuti. Kwenye tovuti ya mapishi, neno "mapishi" halitenganishi chochote na chochote. "Tamu" na "rahisi" ziliondolewa kwa sababu hiyo hiyo: hakuna mwandishi aliyewahi kutangaza pishi baya na gumu.

Dawa ya muundo ilikuwa kuipa kila ngazi swali lake. Kategoria hujibu swali moja: hiki ni chakula cha aina gani? Kila makala hupata kategoria moja tu. Zilibaki sita: Vitafunwa, Wali na nafaka, Michuzi na mboga, Nyama na samaki, Vinywaji, na Vitamutamu. Lebo zikagawanywa katika familia nne, kila familia na swali lake: kiungo kikuu ni nini, kimepikwaje, huliwa wakati gani, na kina jina gani maarufu. Wazo la kukichambua kitu kwa pande zake kadhaa, badala ya kukisukuma kwenye tawi moja, lilipewa mfumo kamili na mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan mwaka 1933. Pishi la samaki wa kupaka, kwa mfano, linapata kategoria "Nyama na samaki", kisha lebo "samaki", "nazi" na "kuchoma". Hakuna lebo inayorudia jina la kategoria, na hakuna makala inayohitaji lebo zaidi ya nne au tano.

Lebo mpya haifunguliwi mpaka kuwe na makala nne zinazoihitaji. Kabla ya hapo neno hukaa kwenye daftari la kungojea. Kwa hesabu hiyo zilibaki lebo 31: viungo 14, njia za kupika 5, nyakati 4 na majina ya vyakula 8. Kurasa za mkusanyo zikashuka kutoka 421 hadi 37.

Kuunganisha kwenyewe kunataka mpangilio, maana hapa ndipo watu huharibu. Mhariri alibonyeza idadi ya makala mbele ya "kitumbua", makala zake zikajitokeza, akazichagua zote na kuzihariri kwa pamoja akiziongezea lebo "vitumbua". Ndipo alipoifuta "kitumbua". Kufuta lebo hakufuti makala, bali kunaiondoa lebo kwenye makala zote. Lakini kunaiua anwani. WordPress hukumbuka anwani ya zamani ya makala iliyobadilishwa jina na kumpeleka msomaji kwenye mpya, ila kwa lebo na kategoria haifanyi hivyo. Aliyehifadhi `/tag/kitumbua/` atakutana na ujumbe kwamba ukurasa haupo. Kwa hiyo kila anwani iliyokufa inaandikiwa uelekezo wa kudumu. Kwa seva za Apache mstari wake ni huu:

```
Redirect 301 /tag/kitumbua/ https://example.com/tag/vitumbua/
```

Hii ndiyo sehemu ya pili ya "tazama". Kwa lebo za makala moja ambazo hazikuwa na ndugu wa kuungana naye, kama "mapishi ya haraka ya Jumapili", mhariri alielekeza chache zilizokuwa zikitembelewa na kuziacha nyingine zife.

Wapo wanaokwepa kazi hii yote kwa kuziambia mashine za kutafutia zisiziweke kurasa za lebo kwenye faharasa zao. Agizo lake ni mstari mmoja ndani ya ukurasa:

```
<meta name="robots" content="noindex, follow">
```

Lina mahali pake. Tovuti ya mwandishi mmoja huwa na ukurasa wa mwandishi unaolingana na ukurasa wa mbele, na kurasa za kila mwezi ambazo hakuna anayezitafuta. Hizo zinaweza kufichwa. Lakini kuna kosa linalojirudia: mtu anaweka agizo hilo, kisha anazizuia kurasa hizo hizo kwenye faili la `robots.txt`. Mashine iliyozuiwa kuingia haiwezi kusoma agizo lililoandikwa ndani, na ukurasa unaweza kuendelea kuonekana kwenye matokeo. Tena agizo haliusaidii umma: msomaji aliyebonyeza lebo ya bluu bado anaangukia kwenye ukurasa mtupu.

Matokeo ya usafi hayaji siku moja, kwa sababu mashine hurudi kuzipitia kurasa kwa wakati wake. Ishara ya kwanza inaonekana kwa kuandika `site:example.com/tag/` kwenye Google, ukiweka jina la tovuti husika, na kutazama ni anwani zipi bado zinajitokeza. Kwenye Google Search Console, kurasa za lebo zilizosongamana chini ya hali inayoitwa "Crawled - currently not indexed" ni kurasa ambazo mashine imezisoma ikaamua haina haja nazo. Ishara iliyo bora zaidi haihitaji chombo: fungua kila ukurasa wa lebo kwenye simu na uangalie kama msomaji aliyetoka kwenye makala moja anakuta angalau tatu ambazo hajazisoma.

Tovuti ya mfano ilipita jaribio hilo kwa lebo 30. Ya thelathini na moja, "biriani", ilikuwa na makala nne, lakini mbili kati yake zilikuwa pishi lile lile lililoandikwa na waandishi wawili kwa miaka tofauti. Mhariri aliziunganisha zikawa makala moja, lebo ikabaki na tatu, akairudisha kwenye daftari la kungojea. Huko ilikaa chini ya "mkate wa sinia", ambayo ilikuwa na mbili.